Namba Mpya Kwenye Simu ya Rodah

Ukipata meseji kutoka kwa Rodah Chepyegon, kwanza utaona jina lako. Halafu salamu. Halafu jambo lenyewe, kwa sentensi nzima, na mwisho jina lake, kana kwamba hujahifadhi namba yake. Hata akiniomba nimletee sabuni kutoka dukani ataandika hivyo. Baba zetu ni ndugu, boma lake na letu yanatenganishwa na mistari michache ya chai, na angeweza kuniita kwa sauti tu. Lakini akiandika, anaandika.

Kaka yake Gibson, ambaye ana kibanda cha kuuza simu na kutoa pesa pale Sosiot, hakuchoka kumcheka. Alisema meseji ya dada yake lazima uisome umekaa, kama barua ya chifu. Yeye Gibson hujibu watu kwa herufi mbili, au kwa kidole gumba, au kwa picha ya mbuzi anayecheka, na biashara yake haijafa.

Rodah hakuanza hivyo kwa kupenda urasmi. Alisomea teknolojia ya maziwa, akapata diploma, akaajiriwa kupima maziwa katika kituo cha kupoza maziwa cha ushirika wetu. Aliyemtangulia kazini alikuwa akituma neno moja kwa mkulima: IMEKATALIWA. Wiki ya kwanza ya Rodah, mama mmoja mzee alikuja kituoni na simu yake mkononi, amevaa nguo za kanisani, akauliza ni nani amekataliwa na amekosea nini. Mjukuu ndiye aliyemsomea neno lile, na alilala nalo. Alidhani ni yeye ametolewa katika ushirika. Rodah alimketisha, akamweleza kuhusu kipimo cha spiriti kinachogandisha maziwa yenye kasoro, na kuhusu ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, kisha kuanzia siku hiyo hakutuma tena neno moja kwa mtu yeyote.

Wakulima walizoea. Maziwa ya mtu yakikutwa na maji, Rodah humwandikia kwamba huenda mkebe ulibaki na maji baada ya kuoshwa, na kwamba kesho aukaushe vizuri kabla ya kukamua. Kila mtu anajua hakuna maji yaliyosahaulika mkebeni. Lakini mkulima amepewa mlango wa kutokea na heshima yake, na kesho yake mara nyingi maziwa huja yakiwa safi.

Isipokuwa ya Mzee Kiptanui.

Mzee Kiptanui ana ng'ombe wazuri na ulimi mzuri zaidi. Wakati wa kiangazi, nyasi zinapokauka na maziwa kupungua, mkebe wake haupungui. Asubuhi ninayosimulia, laktomita, kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa halisi na kuzama kwenye yaliyotiwa maji, ilizama katika maziwa yake kupita kabisa pale inapopaswa kusimama, Rodah akayakataa na kumwandikia kama kawaida. Mzee akajibu kwamba kipimo kimeharibika. Akaandika tena kwa laini yake ya pili, akisema yeye ni mtu mwingine na anashangaa jinsi jirani yake Kiptanui anavyoonewa. Laini hiyo nayo ilipopata jibu lile lile, akaazima ya mkewe.

Wakati huo pikipiki zilikuwa bado zinafika na mikebe, na Rodah amevaa koti jeupe na viatu vya mpira, mikono imelowa. Ndipo simu ikatetemeka tena. Namba mpya. Picha ya mwenye namba ilikuwa ya mwanamume wa makamo amevaa kofia pana, mkono wake umelala juu ya mgongo wa ng'ombe wa gredi, mweusi na mweupe. Meseji ilisema hivi tu: "Habari ya asubuhi Rodah. Uko na nafasi tuongee?"

Rodah alikausha mikono, akajibu:

"Habari ya asubuhi, mzee. Niko kazini, napokea maziwa, kwa hivyo siwezi kuongea sasa. Maziwa yaliyokataliwa leo hayatapokelewa, hata ukiandika kwa laini zote za Belgut. Tafadhali kausha mkebe, ulete mengine kesho, nitayapima mbele yako. Asante. Rodah."

Ile habari ya laini zote za Belgut, yaani za eneo letu zima, ndiyo ukali mkubwa zaidi niliowahi kuona ukitoka kwake. Alirudisha simu mfukoni, akaendelea na kazi.

Wakati wa chai alikuta jibu. Mtu yule alisema anadhani kuna makosa. Jina lake ni Eliakim Oyoo, kazi yake ni kutafutia kampuni wafanyakazi, na amepata wasifu wake kwa ajili ya nafasi ya msimamizi wa ubora wa maziwa katika kiwanda kipya upande wa Sotik. Mwishoni akaongeza: "Na mimi sijaleta maziwa."

Lazima nieleze nafasi hiyo ilikuwa na maana gani. Rodah alikuwa kwenye mkataba wa muda mfupi tangu aanze kazi, unaoongezwa kila unapokaribia kwisha, na ushirika ulikuwa umetangaza kwamba kituo chetu kitaunganishwa na kingine na wapimaji watapunguzwa. Mkataba wake ulikuwa unaishia pamoja na kiangazi. Alikuwa ametuma maombi mengi sehemu mbalimbali bila kujibiwa. Kazi ya kiwanda kile, ya kuzunguka vituo vyote kuanzia Chepilat hadi Sigor akifundisha wapimaji wenzake, ndiyo aliyoitaka kuliko zote. Alikuwa ameisema mara moja tu nyumbani, kwa sauti ndogo, kisha akaondoka kwenda kukata nyasi za ng'ombe. Kwa Rodah hiyo ni sawa na mtu mwingine kupiga ngoma barabarani.

Alikuja kibandani kwa Gibson akiwa bado na viatu vya mpira. Mimi nilikuwa hapo nikisubiri simu yangu ipate chaji. Alituonyesha simu.

Gibson alisoma, akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Kisha akaona uso wa dada yake, akatulia, na ushauri ukaanza kumwagika. Alimwambia afute ile meseji. Rodah akamkumbusha kwamba mtu ameshaisoma na kuijibu. Basi aseme simu ilikuwa na mtoto. Au amtumie sauti, acheke kidogo, mtu akisikia msichana anacheka hasira inaisha. Au ile picha ya mbuzi.

"Sista, huyu ni mtu wa Watsapu. Hii si ofisi," Gibson alisema. "Hapa watu wanapiga stori."

"Yeye ndiye ofisi," Rodah alijibu. "Ameingia tu kwa mlango wa nyuma."

Mimi nilipendekeza aombe radhi kwa kirefu, aeleze habari za kiangazi, laktomita, laini tatu na kila kitu. Nilikuwa tayari na sentensi ya kwanza kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu humsikiliza kila mtu mpaka mwisho, halafu akasema kwamba mtu mwenye kazi nyingi hawezi kusoma yote hayo akiwa barabarani, na kwamba maelezo marefu yatamfanya Mzee Kiptanui awe ndiye mwenye maombi ya kazi.

Akakaa kwenye kreti ya soda, akaandika. Alifuta mara kadhaa. Aliyotuma ilikuwa hii:

"Habari za asubuhi, Bw. Oyoo. Naomba radhi. Nilidhani ni mkulima ambaye tulikuwa tunawasiliana leo. Asante kwa kunitafuta kuhusu nafasi ya msimamizi wa ubora, bado ninaitaka. Ninaweza kuzungumza leo kuanzia saa nane mchana, au kesho wakati wowote baada ya saa tano asubuhi. Tafadhali pia nitumie jina la kampuni na maelezo ya kazi kwa barua pepe iliyo kwenye wasifu wangu. Rodah Chepyegon."

Gibson alisoma akitingisha kichwa. Hata alama moja ya kucheka hakuna. Lakini kwa jambo la barua pepe alimuunga mkono, maana hapo ndipo na yeye alipoingiwa na wasiwasi. Watu wanaojifanya wanaleta kazi ni wengi. Humwandikia kijana kwa Watsapu, wakamsifu, kisha wakamwomba ada ya daktari au ya sare, na kijana huja kutuma pesa hizo kwenye kibanda chake yeye Gibson. Amewahi kukataa kutuma pesa za binti mmoja wa Sosiot, akatukanwa, na wiki iliyofuata binti akarudi kumshukuru. Kwa hiyo akasema, kama huyo Oyoo ni tapeli, atachukia kuulizwa jina la kampuni.

Oyoo hakuchukia. Alijibu upesi, na alijibu kwa ulegevu kabisa, kama mtu aliyekaa na rafiki yake hotelini. Alisema hakuna noma, maelezo yatakuja kwa barua pepe. Akaweka sura tatu zinazocheka mpaka machozi. Kisha akaandika: "Lakini my dear, huyo mkulima ni nani hadi anakutesa hivyo? Niambie tucheke pamoja."

Gibson akapiga meza. Alikuwa ameona mlango umefunguka. Jamaa amecheka, jamaa anataka stori, na stori yenyewe ni Kiptanui. Ni nani asiyependa stori ya Kiptanui, ambayo mzee mwenyewe ameshaitangaza Sosiot yote? Mwambie kuhusu laini ya mkewe. Atakukumbuka kuliko wote walioomba kazi hiyo.

Na kwa kweli, mimi pia niliona hivyo. Mtu ameshusha sauti yake, wewe ukibaki umesimama juu utaonekana una maringo. Rodah mwenyewe aliangalia skrini muda mrefu. Nilimwona akianza kutabasamu, kidole kikaandika kitu, kikakifuta. Stori ilikuwa tamu, na alikuwa na haki ya kucheka kuliko sisi wote.

Halafu akaandika:

"Asante kwa kulichukulia vizuri, Bw. Oyoo. Jina la mkulima na matokeo ya maziwa yake ni siri kati yake na kituo, kwa hivyo samahani, sitaweza kukuambia. Nitasubiri barua pepe yako. Siku njema. Rodah."

Akatuma kabla Gibson hajamzuia. Alama mbili za bluu zikatokea.

Barua pepe haikuja mchana huo. Haikuja kesho yake. Saa nane ya siku ile ya kwanza ilipofika Rodah alikaa na simu mahali penye mtandao, juu pale karibu na tangi la maji, daftari na kalamu tayari, na hakuna aliyepiga. Nyumbani Gibson hakunyamaza. Alisema mtu anakuchekea wewe unamsomea sheria. Alisema siku hizi watu wanaajiri mtu wanayempenda. Kila ng'ombe alipolia zizini alisema huyo ni Bw. Oyoo anaomba radhi kwa kusumbua. Mama yao alimwambia anyamaze, kisha na yeye, akichambua mboga, akauliza polepole kama ingekuwa vibaya kumsalimia tu huyo Bw. Oyoo, amuulize watu wa nyumbani wako namna gani. Kwetu mtu haachwi kimya hivyo.

Rodah alisema hapana. Mtu akiwa kazini anasalimiwa kwa kazi. Lakini niliona hakula vizuri.

Alichofanya ni kutafuta namba ya ofisi kuu ya kiwanda. Kati ya matangazo yote aliyokuwa ametumia kuomba kazi, ni kampuni moja tu iliyokuwa na kiwanda kipya upande huo. Akapiga kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, akajitambulisha, akauliza kama wana mtu anayeitwa Eliakim Oyoo anayewatafutia wafanyakazi. Dada wa mapokezi alisema ndiyo, wamempa kazi hiyo, na hatozi mtu chochote. Rodah akamshukuru, akauliza jina lake, akalirudia katika kuaga. Basi sasa alijua mtu ni wa kweli. Jambo hilo halikumpunguzia uchungu; lilimwongezea, kwa sababu kumbe kilichokuwa kimepotea kilikuwa cha kweli pia.

Siku za kazi kadhaa zilipopita, aliandika mara moja tu, asubuhi, saa ambazo ofisi zimefunguliwa:

"Habari za asubuhi, Bw. Oyoo. Mimi ni Rodah Chepyegon, tuliwasiliana wiki hii kuhusu nafasi ya msimamizi wa ubora wa maziwa. Bado sijapokea barua pepe. Kama kuna kitu unachohitaji kutoka kwangu, nitakituma leo. Asante kwa muda wako."

Hakumuuliza kwa nini amenyamaza. Hakuandika tena adhuhuri kuuliza kama ameona. Alipima maziwa.

Jibu lilikuja jioni, na halikuwa na sura za kucheka. Oyoo aliomba radhi. Alikuwa ameenda kwao kumzika shemeji yake, na simu aliizima. Barua pepe ilikuwa imeshatumwa dakika ile: jina la kampuni, maelezo ya kazi, siku ya usaili. Rodah akaisoma akiwa amesimama uani, kisha akampa pole ya msiba kwa sentensi moja, akathibitisha siku na saa, akatia jina lake. Gibson aliisoma juu ya bega lake. Akasema kumbe jamaa alikuwa matangani, na sisi tungemtumia picha ya mbuzi.

Usaili ulifanyika Sotik. Rodah alivaa ile sketi ya kahawia ya kwenda kanisani na akanikabidhi viatu nivipige rangi, kazi niliyoifanya kwa makini kuliko mtihani wowote. Mkuu wa ubora wa kiwanda ni mama mmoja anayeitwa Bi. Edinah Kemuma. Alimuuliza kuhusu spiriti, kuhusu joto la maziwa, kuhusu dawa za ng'ombe kubaki kwenye maziwa. Kisha akamuuliza angemwambiaje mkulima wa miaka mingi kwamba maziwa yake yana maji. Rodah akajibu kwamba humwandikia kwamba huenda mkebe haukukauka. Bi. Kemuma akauliza, na kama mkulima anajua kwamba unajua? Rodah akasema hiyo ndiyo nia, wote wawili wajue na asiwepo wa tatu.

Alipata kazi. Barua ilipofika, mama yake aliimba, Gibson akafunga kibanda mapema, na mursik, maziwa yetu ya mgando, ikatolewa kwenye kibuyu kilichokuwa kikingojea mgeni. Rodah alikaa pembeni akishika kikombe kwa mikono miwili, akitabasamu kwenye maziwa.

Baadaye Oyoo alimpigia kumweleza taratibu za kuanza, na akamwambia jambo moja ambalo Rodah alinisimulia mara moja tu. Alisema ana kawaida ya kumpelekea mwajiri mawasiliano ya kwanza na mwombaji, na kwamba wengi huwa inabidi awasemee: huyu aliandika hivi lakini alimaanisha vile, huyu ni kijana tu, msamehe. "Yako niliituma vile ilivyo," alisema. "Hata ile ya laini zote za Belgut. Sikuwa na kitu cha kueleza."

Nimeandika haya kwa sababu watu wetu wanaposimulia mtu aliyefanikiwa hutaja shule alizosoma na gari alilonunua. Rodah hana gari. Ana koti jeupe jipya lenye jina lake kifuani, na sasa hivi, nikiandika, yuko mahali fulani kati ya Chepilat na Sigor akimwonyesha mpimaji kijana namna ya kumwandikia mkulima. Mimi ni binamu yake, na sina haya kusema kwamba natembea Sosiot nikiwa mrefu kidogo kuliko nilivyokuwa.

Siku yake ya mwisho kituoni, Mzee Kiptanui alileta mkebe wake mwenyewe, hakumtuma mtu. Laktomita ikasimama pale inapopaswa. Mzee akavua kofia.

"Nasikia unatuacha," alisema. "Sasa nani atanikatalia maziwa vizuri?"

Watu wa foleni walicheka, na Rodah pia, waziwazi, mpaka akalazimika kuweka chini kipimo. Mchana wakati anafunga vitu vyake, simu ikatetemeka. Namba mpya, picha ya ng'ombe. Safari hii alisoma mpaka mwisho kabla ya kugusa kitu chochote.

"Habari ya mchana, Madam Rodah. Mimi ni Kiptanui, hii ni laini ya mtoto wangu. Nashukuru kwa maziwa yangu ya leo kupita. Nakutakia kazi njema. Asante. Kiptanui."